Hab Nambari Arubaini na Moja

Tangu Agosti ya mwaka 1996, Chirau hakuwahi kupita mbele ya kliniki ya Daktari Loise. Kwao ni Makadara ya Mombasa, na kliniki iko Makadara hiyo hiyo, kwa hivyo kuikwepa kulimtaka azunguke nyuma ya maduka ya vyuma, aruke mfereji wa maji machafu, atokee upande wa pili na viatu vimechafuka. Alizunguka hivyo mwaka mmoja na nusu, na wala si kwa woga. Alikuwa amejiapiza kuwa siku atakayoingia tena mlango ule ataingia kwa kuitwa, na kuna mtu mmoja humo ndani atakayejuta.

Aliitwa Jumatano moja ya Februari 1998, saa nne asubuhi, joto limeshashika. Swabaha, mwanamke wa mapokezi wa kliniki ile, alikuja mwenyewe hadi kwenye kiduka ambako Chirau alikuwa akitengeneza redio na kompyuta za watu. Alisimama mlangoni akijipepea kwa ncha ya mtandio.

"Asalaamu alaikum, Chirau."

"Waalaikum salaam, dada Swabaha. Leo umepotea njia?"

"Sikupotea. Daktari amenituma. Kompyuta hazisemezani, leo siku ya tatu. Kampuni imeleta fundi, amefungua kila kitu na kufunga, ameshindwa. Daktari amesema aitwe yule aliyezitandika waya."

"Na Seth anajua kama naitwa?"

Swabaha aliangalia chini. "Hajui."

Chirau alizima chuma cha kulehemu, akakiweka mahali pake taratibu. Moyoni alicheka. Alichukua mkoba wake wa ngozi, ule ule wa siku ile, ingawa alikuwa na mwengine mpya uliokuwa bora zaidi.

Siku ile ilikuwa hivi. Chirau alikuwa fundi wa kampuni moja ya mjini, na yeye ndiye aliyetandika mtandao wa kliniki mwaka 1995, mtandao wa kwanza mtaa mzima. Mwaka uliofuata alikwenda kusafisha mashine siku ya Ijumaa. Jumatatu akarudi kumalizia, na mlangoni akamkuta Seth, meneja wa kliniki, amesimama mikono kiunoni. Hab moja ya akiba, kile kijisanduku cha matundu manane ambacho kompyuta huchomekwa ili zisemezane, haikuonekana stoo. Seth hakumwita kando, wala hakumuuliza. Aliunyakua mkoba, akaumimina kwenye benchi la wagonjwa, mbele ya watu kama ishirini. Zilimwagika koleo, bisibisi, vichwa vya plagi, na kipande cha mkate wa mofa kilichofungwa kwenye karatasi. Hab haikuwamo. "Basi ameshaiuza," Seth akasema, akaupiga teke mkoba.

Aliyeufunga mkate ule alikuwa mama yake Chirau, Bi Mwanaesha, na Bi Mwanaesha alikuwa amekaa benchi lile lile, wa tatu kutoka ukutani, akingoja kupimwa presha. Aliinuka, akajifunika buibui lake, akatoka bila ya kusema neno. Kampuni ilimfukuza Chirau wiki ile ile. Na mama, tangu siku ile, akawa anakwenda kupimwa mbali, mtaa wa Ganjoni, mzee wa miguu mibovu, na kliniki iko hatua mia mbili kutoka kitandani kwake. Chirau alipomuuliza alijibu, "Benchi lile siliwezi." Kila mwezi mama alipotoka kwenda Ganjoni, Chirau alimhesabia Seth deni.

Sasa Chirau alivuka kizingiti. Chumba cha kungojea kilikuwa kimejaa, watoto wanalia, pangaboi la katikati limezimwa ingawa watu walikuwa wakitiririka jasho. Seth alikuwa amesimama kando ya meza ya mapokezi. Alipomwona Chirau uso ulimbadilika.

"Huyu amefuata nini hapa?"

"Nimemwita mimi," Daktari Loise alisema kutoka mlango wa chumba chake, miwani juu ya paji la uso. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na kliniki ilikuwa yake. "Karibu, Chirau. Fanya kazi yako. Akitaka kitu, Seth, umpe."

Chirau alisikia maneno hayo ya mwisho yakimshukia mwilini kama maji ya mtungi. Akitaka kitu, umpe.

Hakukimbilia kufungua mashine kama alivyofanya fundi wa kampuni. Alifungua kwanza kabati la mapokezi ilimokuwa hab kubwa, akaangalia taa. Kila tundu lina taa yake ndogo ya kijani, na taa haiwaki mpaka waya uwe mzima na upande wa pili uwe na mashine yenye umeme. Tundu la kwanza hadi la tano taa ziliwaka: mapokezi mbili, vyumba vya madaktari viwili, maabara moja. La sita na la saba yalikuwa matupu. La nane lilikuwa na kebo iliyopanda juu hadi darini, na taa yake ilikuwa imekufa.

Ndani ya mlango wa kabati mchoro wake wa mwaka 1995 ulikuwa bado umebandikwa, mwandiko wake mwenyewe. Nambari sita: chumba cha dawa. Nambari saba: seva, yaani ile kompyuta kubwa inayoweka faili za wagonjwa wote, stoo. Nambari nane: tupu.

"Dada Swabaha, seva bado iko stoo?"

"Haiko. Ilihamishwa zamani, iko ofisini kwa Bwana Seth. Kule kuna mashine ya baridi."

"Ilihamishwa lini?"

Swabaha alifikiri. "Mwaka juzi. Sikumbuki mwezi."

Chirau aliketi kwenye kompyuta ya mapokezi, akaitafuta ya maabara. Ikaonekana mara moja. Kumbe hab hii ni nzima, na hizi tano zinaonana. Akaitafuta seva, ikawa kama haikuwahi kuzaliwa.

Akaenda ofisini kwa Seth, Seth nyuma yake akimfuata kisigino. Seva ilikuwa inanguruma pembeni ya meza, na mgongoni mwake, pale kebo ilipochomekwa, taa ndogo ya kijani ilikuwa inawaka vizuri kabisa.

"Hiyo taa hata fundi wa kampuni aliiona," Seth alisema. "Akasema waya ni mzima, ubovu ni wa ndani. Amebadilisha kadi mara mbili."

Chirau aliinama, akaifuata kebo kwa macho hadi inapopanda. Fundi wa kampuni aliiona taa lakini hakujiuliza swali lake. Kama taa ya seva inawaka, basi upande wa pili wa kebo hii kuna kitu chenye umeme. Na kama kitu hicho ni hab ya mapokezi, mbona kule taa ya nambari nane imekufa? Waya mmoja hauwezi kuwa mzima upande huu na maiti upande ule. Hapa palikuwa na waya mbili, na kati yao palikuwa na kitu.

Alitoka, akaenda dirisha la dawa. Kijana wa dawa alikuwa akichapa polepole.

"Wewe seva yaionaje?"

"Kwangu iko sawa. Haijakatika hata siku moja."

"Siku tatu hizi hukumwambia mtu?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Chirau akaanza kuhesabu. Chumba cha dawa hakikuwa na kebo kwenye hab ya mapokezi, kwani tundu la sita lilikuwa tupu, alikwisha kuliona kwa macho yake. Hata hivyo kilikuwa kikisemezana na seva. Mashine mbili hazisemezani hivi hivi kwa hewa. Ndani ya jengo hili kulikuwa na hab ya pili, ina umeme, imeshika seva kwa mkono mmoja na dawa kwa mwengine, na haikuwamo kwenye mchoro wowote. Kliniki ilikuwa na hab mbili tu tangu mwanzo: moja kabatini, na moja ya akiba stoo.

Alijua, kabla hata ya kupanda ngazi. Alijua, na hasira aliyokuwa akiitunza mwaka na nusu ikatulia, ikawa baridi. Hakuwa na haraka tena. Alikwenda kunywa maji kwenye kopo la wagonjwa.

Kisha akachomoa ile kebo ya tundu la nane, akaivalisha kifaa chake cha mlio. Kifaa hicho hutia sauti ndani ya waya, na fundi akipita na kijiti chake cha kusikilizia, hata waya ukiwa nyuma ya ubao, kijiti hulia. Aliomba ngazi. Akapita chumba cha kungojea akiwa ameinua kijiti juu, wagonjwa wakimtazama. Kijiti kilianza kulia juu ya kabati, kikaendelea ukutani, kikashika njia ya katikati, kikalia kwa nguvu kabisa kando ya pangaboi. Hatua moja mbele kilinyamaza. Waya ulikuwa umeishia pale, juu ya benchi.

"Hapo usifungue," Seth alisema haraka. "Vibao vimepakwa rangi juzi. Utaviharibu."

Chirau alipitisha kidole kwenye kibao cha karibu. Kikatoka na vumbi la miaka.

"Huko juu hakuna kitu, mimi nakwambia."

"Wajuaje, Bwana Seth? Umewahi kupanda?"

Watu wawili watatu kwenye benchi walicheka. Seth hakucheka. Chirau alisimamisha ngazi, akaitikisa ikae sawa, akamtazama.

"Nishikie ngazi, tafadhali. Daktari amesema nikitaka kitu, unipe."

Seth akashika ngazi. Wote walimwona.

Alisukuma kibao, akakiweka kando, akaingiza kichwa na tochi. Juu kulikuwa na boriti za zamani, tandabui, na joto la tanuri. Na hapo, juu ya boriti, hab ilikuwa imelala, imepata umeme kutoka soketi iliyoungwa kwenye waya za umeme zinazopita darini. Taa mbili ziliwaka: kebo moja ilikwenda upande wa ofisi ya Seth, nyengine upande wa dawa. Tundu la mwisho, lile la kuunganishia hab kwa hab, lilikuwa wazi. Chini yake ilining'inia plagi ya kebo fupi inayotoka mapokezi. Kijiulimi chake cha plastiki, kile kinachopiga "tik" na kuing'ang'anisha tunduni, kilikuwa kimevunjika. Isitoshe kebo yenyewe ilikuwa fupi mno. Aliyeitia aliivuta ikanyooka kama uzi wa nguo, akaipitisha juu ya chuma kinachobeba pangaboi.

Chirau alielewa kila kitu kwa mara moja. Akapaaza sauti akiwa juu.

"Dada Swabaha! Kabla ya hizi siku tatu, mtandao ulikuwa ukikatika na kurudi?"

"Mno! Tangu joto lianze. Ikifika mchana unakatika, kisha baadaye unarudi wenyewe."

"Ukikatika mlikuwa mkifanya nini?"

"Tutafanya nini? Tunaandika kwa mkono kwenye vikaratasi. Kisha pangaboi linavipeperusha, basi tunalizima."

"Na mkilizima, mtandao unarudi."

Swabaha akapiga makofi. "Ehee! Walai unarudi! Sisi tukidhani ni mashine zimepumzika."

Kumbe hakuna kilichopumzika. Pangaboi likienda kasi lilitikisa chuma, chuma kikatikisa kebo iliyovutwa, na plagi isiyo na kijiulimi ikachezacheza tunduni. Likizimwa, plagi hutulia, ikagusana tena. Na kila mtikisiko uliisogeza nje unywele mmoja, mpaka Jumatatu ilipoanguka kabisa. Kidole kimoja kingetosha kuirudisha. Kliniki nzima ingefufuka, Chirau angeshuka, angeshukuriwa, na angekwenda zake.

Badala yake alichomoa ile ya seva. Akachomoa na ya dawa, na umeme. Akaigeuza hab, akaifuta vumbi kwa kiganja, akamulika.

Vitu vyote vya kliniki ile vilitiwa alama na Swabaha kwa rangi yake ya kucha, nyekundu, kwa sababu alisema wino unafutika kwa jasho la Mombasa na rangi ya kucha haifutiki. Chini ya hab, kwa mwandiko wake wa kulalia upande, paliandikwa: DL 41.

"Bwana Seth," aliita. "Pokea."

Seth alipokea, kwani mikono ilikuwa tayari juu. Alisimama pale, hab mikononi, mbele ya benchi lote.

"Dada Swabaha, njoo umsomee."

Swabaha alikuja, akaigeuza. Akaushika mdomo wake. "Arubaini na moja. Hii ndiyo ile. Ndiyo ile ya Chirau." Kisha akajisahihisha. "Ndiyo ile aliyosingiziwa Chirau."

Daktari Loise alikuwa ametoka. Alitazama hab, akatazama tundu la dari, akamtazama meneja wake.

"Nilikukataza kuihamisha seva kutoka stoo," alisema polepole. "Ukaihamisha, na waya haukutosha. Hii ukaitia huko juu."

"Bramwel ndiye aliyepanda, Daktari. Fundi wa kampuni wa wakati ule, si huyu wa juzi, Jumamosi ile. Mimi nilikuwa... nilisahau kuandika."

"Ulisahau Jumamosi. Na Jumatatu, ulipomimina mkoba wa mtu?"

Benchi lilianza kunong'ona. Chirau, akiwa bado ngazi ya tatu, alimtazama kutoka juu na akaionja raha ile polepole, kama mtu anayefungua kinywa siku ya idi. Lakini haikumtosha.

"Daktari, kebo nitaitia kwa dakika tano. Ila kwanza nataka vitu viwili. Mama yangu aitwe, akae pale alipokaa siku ile. Na huyu amimine mifuko yake kwenye benchi, mbele yake."

Daktari alivua miwani. "Wagonjwa wanangoja, Chirau."

"Na mimi nimengoja."

Daktari akamgeukia Swabaha. "Mwite Bi Mwanaesha."

Ilichukua robo saa. Bi Mwanaesha aliingia ameshikwa mkono na Swabaha, buibui limevaliwa kwa haraka, miguu imevimba. Watu walimpisha nafasi ya tatu kutoka ukutani. Alikaa ukingoni kabisa, kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha kuazima.

Seth alimimina mifuko. Funguo, leso, kitambulisho, peremende mbili, risiti ya dobi. Funguo zikaanguka chini, na hakuna aliyemwokotea. "Bi Mwanaesha," alisema, macho kwenye sakafu, "mwanao hakuiba. Niliagiza mimi iwekwe darini. Nilijua, na nikanyamaza."

Chirau aligeuka kumtazama mama yake. Hii ndiyo saa aliyoiota kila aliporuka ule mfereji. Alitaka aone mgongo wa mama ukinyooka.

Mama hakumtazama Seth hata kidogo. Alikuwa anaitazama hab, iliyowekwa benchini kando ya funguo. Akanyoosha mkono, akaigusa.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo, mama."

"Ni ndogo hivi?" Aliipima kwa shibiri, kutoka kidole gumba hadi cha mwisho. "Nami nikidhani ni kitu kikubwa. Nikitafuta kitu kikubwa."

"Ukitafuta wapi, mama?"

Bi Mwanaesha aliinua uso. Macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Uvunguni mwa kitanda chako, mwanangu. Na kwenye sanduku lako, na juu ya kabati. Kila ukienda kazini nikitafuta. Nikisema nikiipata niirudishe kwa siri, usifungwe." Alijifuta kwa ncha ya buibui. "Benchi hili nililiona haya kwa sababu yako. Nisamehe."

Seth alikuwa bado amesimama, mifuko imepinduliwa nje, na Chirau hakukumbuka tena kuwa yupo. Mwaka mmoja na nusu mama alimfungia mkate kila asubuhi, akamwombea dua mlangoni, kisha akarudi ndani akapiga magoti kuchungulia uvungu. Na kwa hilo hapakuwa na mtu wa kumiminisha mifuko.

Alichukua hab, akapanda ngazi. Ndani ya mkoba alikuwa na kebo nzima, ndefu zaidi, kijiulimi kizima. Akairudisha hab juu ya boriti, akatia umeme, akachomeka seva, akachomeka dawa. Kebo mpya akaizungusha mbali na chuma cha pangaboi, akaiachia nafasi ya kulegea, akaifunga kwa uzi kwenye boriti. Akaisukuma tunduni. Ikapiga "tik". Akaivuta kujaribu, ikakataa kutoka. Taa ya tatu ikawaka.

"Imerudi!" Swabaha alipiga kelele kutoka mapokezi. Alisikika akibofya, kisha sauti yake ikashuka. "Bi Mwanaesha, nimekufungulia faili lako. Mara ya mwisho kupimwa hapa ni Julai 1996. Nikuandikishe leo?"

"Muulize mwanangu kama amenisamehe," mama alisema.

Chirau alibaki juu, kichwa ndani ya dari, akiufunga na kuufungua ule uzi uliokwisha kufungwa.